Kila Kisahani Kipya Huongeza Hatua Maradufu

Sinia chini, sahani juu ya sinia, kisosi juu ya sahani. Vyombo hivi vitatu vikipangwa upande mmoja wa mkeka vinatosha kuonyesha fumbo ambalo wanahisabati wamekuwa wakilichambua kwa zaidi ya miaka 140. Mkeka unagawanywa sehemu tatu: A, B na C. Rundo lote liko A, na linatakiwa lifike C likiwa limepangika vilevile. Masharti ni mawili tu. Kwanza, kila mara kinahamishwa chombo kimoja, nacho ni kile cha juu ya rundo lake. Pili, chombo kikubwa hakikai juu ya kidogo hata mara moja.

Anayeanza hubahatisha. Hukichukua kisosi akakiweka B kwa sababu B iko karibu, sahani ikaenda C, kisosi kikapanda juu ya sahani, na hapo sinia hubaki A bila pa kwenda isipokuwa B, mahali pasipotakiwa. Hajavunja sharti lolote, lakini njia imekwisha kupinda.

Njia iliyonyooka inakwenda hivi. Kisosi kinahamia C. Sahani inahamia B. Kisosi kinatoka C na kukaa juu ya sahani pale B. Sasa sinia liko peke yake A, na C ni tupu, kwa hiyo linahamia C. Kisosi kinarudi A, sahani inakwenda juu ya sinia, na kisosi kinamalizia juu ya sahani. Hatua 7, na kazi imekwisha.

Katika hatua hizo 7, ya kutazamwa kwa makini ni ya 4, pale sinia linapohama. Ili sinia litoke A, vyombo vyote vilivyokuwa juu yake lazima viwe vimeondoka. Ili liingie C, mahali hapo lazima pawe patupu, maana hakuna chombo ambacho sinia linaruhusiwa kukikalia. Vyombo vidogo basi vina pa kukaa pamoja tu: B, vikiwa rundo kamili. Hatua tatu za kwanza zilikuwa kazi ya kuhamisha rundo la vyombo viwili kutoka A kwenda B. Hatua tatu za mwisho ni kazi ileile ya vyombo viwili, safari hii kutoka B kwenda C. Fumbo la vyombo vitatu limebeba ndani yake fumbo la vyombo viwili mara mbili, na katikati pana hatua moja ya sinia.

Likiongezwa chini ya rundo sinia la nne lililo kubwa zaidi, hakuna ujanja mpya unaohitajika. Vyombo vitatu vya juu vinapelekwa B kwa hatua 7 ambazo tayari zinajulikana, sinia kubwa linahamia C kwa hatua 1, kisha vile vitatu vinatoka B na kwenda C kwa hatua nyingine 7. Jumla ni 15. Vyombo vitano vitahitaji 15, na 1, na 15 tena, yaani 31. Wanahisabati na waandishi wa programu huiita mbinu hii kujirejelea: kazi kubwa inaelezwa kwa kazi yenyewe, ila ikiwa ndogo kidogo, na inaendelea kupunguzwa hadi ibaki ndogo kiasi kwamba haina la kuelezwa. Hapa kikomo hicho ni rundo lisilo na chombo hata kimoja. Halina cha kuhamishwa.

Hesabu ya hatua basi inajijenga yenyewe: chukua idadi iliyotangulia, izidishe kwa 2, ongeza 1. Inaanza 1, kisha 3, 7, 15, 31, 63, 127, 255. Anayezitazama namba hizi kwa makini ataona kwamba kila moja imepungukiwa na 1 tu kuwa namba ya mfululizo wa 2, 4, 8, 16, 32. Kanuni ya jumla, kwa vyombo n, ni hii:

```
hatua = 2^n - 1
```

Je, hakuna mjanja anayeweza kupunguza hapo hata hatua moja? Hakuna, na sababu yake ni ileile ya sinia. Chombo kikubwa kuliko vyote lazima kihame walau mara moja. Kabla hakijahama kwa mara ya kwanza, vidogo vyote vimelazimika kukusanyika mahali pamoja, na kazi hiyo haiwezi kuchukua hatua chache kuliko idadi ndogo kabisa ya rundo lile dogo. Baada ya kikubwa kuhama kwa mara ya mwisho, vidogo vinalazimika kukusanyika tena juu yake, kwa gharama ileile. Mara mbili ya kazi ndogo, na moja zaidi: hapo ndipo sakafu ilipo, na njia iliyoelezwa inaigusa sakafu hiyo barabara. Mafumbo mengi huishia kwenye jibu zuri bila mtu kujua kama lipo lililo bora kuliko hilo. Hili la sehemu tatu limefungwa kabisa.

Fumbo lenyewe lilitokea Ufaransa mwaka 1883. Liliuzwa kama mchezo wa kuchezea nyumbani, likiwa na visahani 8 vyenye tundu katikati na vijiti vitatu vya kuvichomeka, kwa jina la Mnara wa Hanoi. Mwaka ule Ufaransa ilikuwa vitani Tonkin, upande wa kaskazini wa Vietnam ya leo, hivyo jina la Hanoi lilikuwa likisikika Paris. Aliyetajwa kuwa mbunifu wake ni Profesa N. Claus wa Siam, wa Chuo cha Li-Sou-Stian. Hapakuwa na profesa huyo wala chuo hicho. Herufi za “N. Claus de Siam” zikipangwa upya zinatoa “Lucas d’Amiens”, na za “Li-Sou-Stian” zinatoa “Saint-Louis”. Édouard Lucas, mzaliwa wa mji wa Amiens, alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya Saint-Louis jijini Paris.

Mchezo huo ulifuatana na hadithi. Katika hekalu moja la Benares, nchini India, makuhani wanahamisha visahani 64 vya dhahabu juu ya sindano tatu za almasi, usiku na mchana bila kupumzika, na siku watakayomaliza dunia itakuwa imefika mwisho. Hadithi ilibuniwa ili kuunogesha mchezo, lakini namba iliyo ndani yake ni ya kweli na inaweza kukokotolewa.

Tuseme kila hatua inachukua sekunde 1, na mchezaji hakosei wala halali. Mchezo wa Lucas wenye visahani 8 utamchukua dakika 4 na sekunde 15. Visahani 10 ni hatua 1,023, kama dakika 17. Mpaka hapo ni jambo la kumaliza kabla chai haijapoa. Visahani 20 vinavuka milioni moja na kuhitaji siku 12 na ushee. Visahani 30 ni miaka 34. Visahani 40 vinakaribia miaka 35,000. Kwa 64 idadi ya hatua ni 18,446,744,073,709,551,615, sawa na miaka ipatayo bilioni 585. Ulimwengu mzima, kwa makadirio ya wanaanga wa sasa, una umri wa miaka bilioni 13.8. Makuhani wa Benares wangehitaji umri huo zaidi ya mara 40.

Kompyuta haibadilishi sura ya jambo hili kama mtu angetarajia. Mashine yenye uwezo wa kufanya hatua bilioni moja kwa sekunde ingemaliza visahani 30 kwa sekunde moja na kidogo, lakini kwa visahani 64 ingefanya kazi kwa zaidi ya miaka 580. Na mashine hiyo ikibadilishwa kwa nyingine yenye kasi mara mbili, faida yake kwa muda uleule ni kisahani kimoja tu zaidi. Kuzidisha kasi mara elfu huongeza visahani 10.

Lucas hakukutana na namba za aina hii kwa bahati. Mwaka 1876, miaka saba kabla ya mchezo kutoka, alithibitisha kwa mkono, bila mashine yoyote, kwamba 2^127 - 1 ni namba tasa, yaani haigawanyiki kwa namba nyingine nzima isipokuwa 1 na yenyewe. Ina tarakimu 39, na hadi mwaka 1951 ilibaki kuwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizokuwa zimejulikana. Kwa lugha ya fumbo, hizo ndizo hatua za kuhamisha visahani 127. Upo mnyororo hapa unaostahili kusimamiwa kidogo: visahani 2 vinahitaji hatua 3, visahani 3 vinahitaji 7, visahani 7 vinahitaji 127, na visahani 127 vinahitaji namba ile ya Lucas. Zote nne ni tasa. Lucas alifariki mwaka 1891 akiwa na miaka 49. Katika karamu moja sahani ilivunjika, kigae kikamkata shavuni, na maambukizi ya jeraha hilo yakamuua siku chache baadaye.

Kwa mwenye rundo mbele yake, swali linalosumbua zaidi ni la mkononi: atakumbukaje hatua 255 bila kupotea? Jibu limo katika namna kazi inavyogawanyika. Kisahani kikubwa kuliko vyote huhama mara 1 tu, katikati kabisa ya mchezo. Kinachokifuata kwa ukubwa huhama mara 2, kinachofuata mara 4, na kuendelea hivyo hadi kidogo kuliko vyote, ambacho katika mchezo wa visahani 8 huhama mara 128. Hiyo ni zaidi kidogo ya nusu ya hatua zote, na inatokea kwa mpangilio thabiti: hatua ya 1, ya 3, ya 5, kila baada ya hatua moja zamu inarudi kwa kidogo.

Zaidi ya hapo, kidogo hicho huzunguka upande mmoja tu bila kugeuka. Kama kimeanza kwa kwenda A, B, C na kurudi A, kitaendelea hivyo hadi mwisho. Katika zamu zisizo zake, hakuna la kufikiria hata kidogo. Kwenye vijiti viwili visivyo na kile kidogo ipo hatua moja tu inayoruhusiwa: kisahani cha juu kilicho kidogo kati ya hivyo viwili kinahamia kijiti kingine. Mtoto aliyezijua kanuni hizi mbili, kukizungusha kidogo na kufanya hatua pekee iliyobaki, anaweza kumaliza visahani 8 huku akizungumza mambo mengine.

Kosa la kawaida liko kwenye hatua ya kwanza. Idadi ya visahani ikiwa witiri, kidogo kinaanza kwa kwenda kwenye kijiti kinachokusudiwa. Ikiwa shufwa, kinaanza kwenye kile cha akiba. Anayekosea hapo haoni dalili yoyote kwa muda mrefu, kwa kuwa kila hatua yake ni halali. Mwenye visahani 4 aliyeanza kwa kupeleka kidogo C atafika hatua ya 7 na kukuta rundo kamili la visahani vitatu likiwa limesimama C, mahali hasa palipotakiwa kuachwa patupu. Kisahani cha nne kitabaki na B peke yake, na akiendelea hivyo mnara mzima utamalizikia B. Hapo ndipo pa kujikagua: kabla kikubwa hakijahama, kijiti kinachokusudiwa lazima kiwe kitupu.

Wanaojifunza kuandika programu hukutana na mnara huu mapema, kwa sababu maelezo yake yanaingia katika mistari michache sana. Katika lugha ya Python inatosha kuandika hivi:

```python
def hamisha(n, kutoka, kwenda, akiba):
    if n == 0:
        return
    hamisha(n - 1, kutoka, akiba, kwenda)
    print(n, ":", kutoka, "->", kwenda)
    hamisha(n - 1, akiba, kwenda, kutoka)

hamisha(3, "A", "C", "B")
```

Kisahani namba 1 ndicho kidogo kuliko vyote. Mstari wa `print` ni sinia linalohama, na mistari miwili inayouzunguka ni rundo dogo kwenda kwenye akiba na rundo dogo kutoka kwenye akiba. Programu haielezwi popote jinsi ya kupanga hatua 7. Inajiita yenyewe kwa rundo dogo zaidi, na hatua zinajipanga.

Makosa mawili huwapata wengi. La kwanza ni kusahau masharti ya `n == 0`. Programu itajiita kwa 3, 2, 1, 0, halafu -1, -2, na kuendelea kushuka bila kuchapisha hata mstari mmoja, kwa kuwa kila wito unamsubiri mwenzake aliye chini yake amalize kwanza. Python kwa kawaida huruhusu wito kama 1,000 kuwa wazi kwa wakati mmoja, kisha husimamisha kazi na kuonyesha `RecursionError`.

Kosa la pili limejificha zaidi. Mwandishi anageuza majina katika wito wa mwisho na kuandika `hamisha(n - 1, akiba, kutoka, kwenda)`. Programu inafanya kazi bila kulalamika na inachapisha mistari 7 kamili, kwa hiyo anayehesabu mistari tu ataridhika. Akiifuata kwa vyombo mkononi ataona kasoro kwenye mstari wa 4: sinia linaamriwa kutoka A kwenda C, wakati hatua ya 3 imekwisha kukirudisha kisosi A, juu ya sinia lenyewe. Idadi ya hatua ni sahihi, hatua zenyewe haziwezekani. Ndiyo maana wakaguzi wazuri hawaridhiki na hesabu. Wanaongeza orodha tatu zinazowakilisha vijiti, na kuiamuru programu isimame mara kisahani kinapotajwa kuhama huku si cha juu.

Kuna jambo katika programu hii ambalo watu hulichanganya. Kwa visahani 64, muda unaohitajika ni ule wa kutisha uliotajwa, lakini kumbukumbu inayotumika ni ndogo mno. Wito ulio wazi kwa wakati mmoja hauzidi 65, mmoja kwa kila ukubwa wa rundo kuanzia 64 hadi 0, kwa sababu kila unapokamilika unafungwa kabla mwingine wa kimo hicho haujafunguliwa. Simu ya kawaida ina nafasi ya kutosha kabisa kuanza kazi ya makuhani. Itakachokosa ni muda.

Je, kikiongezwa kijiti cha nne? Swali hili lilitolewa na Mwingereza Henry Dudeney katika kitabu chake cha mafumbo cha mwaka 1907, kwa mfano wa majibini yanayohamishwa juu ya vigoda vinne. Hesabu inashuka ghafla: mnara wa visahani 8, uliohitaji hatua 255, unamalizika kwa hatua 33. Siri ni kuugawa mnara. Visahani 4 vya juu vinapelekwa kwenye kijiti kimoja cha pembeni kwa kutumia vijiti vyote vinne, na hilo linachukua hatua 9. Visahani 4 vikubwa vinahamishwa kwa vijiti vitatu vilivyobaki, kwa hatua 15 zile za kawaida. Kisha vidogo vinapandishwa juu yao kwa hatua nyingine 9. Kwa visahani 64, mahali ambapo kwa vijiti vitatu umri wa ulimwengu haukutosha, vijiti vinne vinahitaji hatua 18,433. Kwa sekunde moja kila hatua, ni kazi ya saa tano na dakika chache.

Ila sakafu iliyokuwa imara kwa vijiti vitatu hapa ilikosekana kwa muda mrefu. Ile hoja ya sinia haitoshi tena, kwa sababu kikubwa kinapohama, vidogo havilazimiki kukaa mahali pamoja. Vina vijiti viwili vya kujigawa, kwa namna nyingi. Mwaka 1941 Frame na Stewart, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kanuni ya kuchagua mahali pa kuugawa mnara, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba haipo njia fupi zaidi. Uthibitisho wa vijiti vinne ulipatikana mwaka 2014, ukitolewa na Mfaransa Thierry Bousch. Kwa vijiti vitano na kuendelea, kanuni ya Frame na Stewart bado inatumika kama jibu bora linalojulikana, na uthibitisho wake kwa mnara wa urefu wowote bado unatafutwa.